Mzunguko wa mzigo na siku za mzigo dukani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wenye maduka ya rejareja huyarudia kila tunapokaa kufunga hesabu. Majibu yote yanatumia mfano mmoja: duka la mtaani Morogoro linalouza vyakula, sabuni na vipodozi, na vyombo vya plastiki. Hesabu ni ya Julai hadi Septemba, yaani siku 92, na kiasi chote ni shilingi za Tanzania.

## Mambo ya msingi

1. Mzunguko wa mzigo ni nini, na siku za mzigo ni nini?

Mzunguko ni idadi ya mara ambazo pesa uliyoiweka kwenye bidhaa imetoka ikarudi ndani ya kipindi fulani. Siku za mzigo ni jambo lile lile likitazamwa upande wa pili: kwa wastani, shilingi uliyonunulia bidhaa inakaa kwenye rafu siku ngapi kabla bidhaa hiyo haijauzwa.

Ukiuza kwa mkopo, hesabu hii inaishia pale bidhaa inapotoka dukani. Siku za kusubiri mteja alipe ni hesabu nyingine, usizichanganye.

Mimi hupenda siku kuliko mara. Ukimwambia mtu mzigo wake unazunguka mara 2.9 kwa robo mwaka, anakutazama tu. Ukimwambia pesa yake inalala siku 31, anaelewa papo hapo, kwa sababu muuzaji wa jumla naye humhesabia siku za kulipa deni.

2. Mauzo ninayo kila jioni kwenye daftari. Kwa nini nisiyatumie hayo?

Kwa sababu mzigo ulioko kwenye rafu umeuandika kwa bei ya kununulia, na mauzo yako yako kwa bei ya kuuzia, faida ikiwa ndani yake. Ukigawanya kimoja kwa kingine, faida inajifanya mzunguko.

Duka letu la mfano liliuza 30,720,000 kwa siku hizo 92, na wastani wa mzigo wake ulikuwa 9,000,000. Kwa mauzo, jibu linakuwa siku 27. Kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa, ambayo ni 26,400,000, jibu ni siku 31. Siku nne zimepotea hivi hivi, na mwenye duka angemwahidi muuzaji wa jumla kulipa kabla mzigo haujaisha.

Kuna ubaya mwingine unaojificha zaidi. Ukipandisha bei ya kuuzia bila kuuza hata kipande kimoja zaidi, hesabu ya mauzo itakuonyesha kwamba mzigo sasa unatoka haraka, wakati uko pale pale.

## Kupata gharama ya bidhaa zilizouzwa

3. Gharama hiyo naipataje kama siandiki kila kitu ninachouza?

Huhitaji kuandika kila pakiti ya chumvi. Unahitaji vitu vitatu tu: mzigo uliokuwepo mwanzo wa kipindi, manunuzi ya kipindi, na mzigo uliobaki mwisho. Ulichoanza nacho ukijumlisha ulichonunua ndicho kilichokuwepo cha kuuzwa. Ukitoa kilichobaki, unapata kilichotoka.

Tarehe 1 Julai asubuhi, kabla ya kufungua, duka lilihesabu mzigo wa 8,400,000. Manunuzi yalikuwa 27,600,000. Tarehe 30 Septemba usiku, baada ya kufunga, mzigo ulikuwa 9,600,000. Basi 8,400,000 ukijumlisha 27,600,000 ni 36,000,000. Toa 9,600,000, unabaki na 26,400,000.

Hesabu mzigo wakati duka limefungwa, na utumie bei ya kununulia. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni msaidizi kusoma kibandiko cha bei kwenye rafu na kuandika hicho, kwa kuwa ndicho anachokiona. Mzigo wa mwisho unavimba, gharama inapungua, na siku zinaongezeka kwa uongo.

4. Nauli, kuli na kodi viingie kwenye manunuzi?

Kila shilingi iliyotumika kuufikisha mzigo kwenye rafu ni sehemu ya gharama yake. Duka letu lilinunua bidhaa za 27,050,000, likalipa 700,000 za kenta, bodaboda na kuli, kisha likarudisha kwa muuzaji bidhaa mbovu za 150,000. Ndiyo ile 27,600,000. Ukishaingiza nauli kwenye manunuzi, iingize pia kwenye thamani ya mzigo uliobaki. Usiihesabu upande mmoja tu.

Kodi ya pango, umeme, mshahara wa msaidizi na nauli ya kumpelekea mteja haviingii. Hayo ni matumizi ya kuendesha duka.

Kuhusu kodi ya ongezeko la thamani: kama umesajiliwa na unairudishiwa kwenye ritani zako, iache nje. Kama hujasajiliwa, kodi uliyolipa kwenye risiti ya manunuzi hairudi, kwa hiyo ni sehemu ya bei uliyonunulia.

5. Sukari nilinunua kwa bei mbili tofauti. Iliyobaki niiandike kwa ipi?

Njia rahisi kwa duka dogo ni wastani wenye uzito. Tuseme ulinunua kilo 50 kwa 2,600 na baadaye kilo 100 kwa 2,900. Umelipa 130,000 na 290,000, jumla 420,000 kwa kilo 150, yaani 2,800 kwa kilo. Usichukue katikati ya 2,600 na 2,900, maana itakupa 2,750 na kusahau kwamba mzigo wa bei ya juu ni mara mbili ya ule wa kwanza.

Njia nyingine ni kuhesabu kwamba kilichoingia kwanza ndicho kilichotoka kwanza, na kilichobaki ukakiandika kwa bei ya mwisho. Zote mbili zinakubalika katika viwango vya kimataifa vya uhasibu. Chagua moja, ukae nayo. Anayebadilisha njia kila robo mwaka hawezi kujua kama siku zimepungua kwa biashara au kwa kalamu.

## Kupata jibu

6. Kwa nini tunatumia wastani wa mzigo, na si mzigo wa siku ya mwisho?

Gharama imekusanywa kwa siku 92. Mzigo wa tarehe 30 Septemba ni picha ya usiku mmoja. Ukifunga hesabu siku moja baada ya kushusha kenta, picha inaonyesha duka limejaa. Ukifunga siku moja kabla, linaonekana tupu. Wastani wa kawaida ni mwanzo na mwisho: 8,400,000 na 9,600,000, gawa kwa mbili, 9,000,000.

Lakini ncha mbili hazioni kinachotokea katikati. Tuseme duka hili lingehesabu pia mwisho wa Julai likakuta 11,200,000, na mwisho wa Agosti 10,800,000. Wastani wa hesabu zote nne ungekuwa 10,000,000, na siku zingekuwa 35 badala ya 31. Anayejaza mzigo kabla ya Ramadhani, au madaftari kabla ya shule kufunguliwa Januari, asiridhike na ncha mbili. Ahesabu kila mwisho wa mwezi, hata kwa bidhaa kubwa kubwa tu.

7. Nionyeshe hesabu nzima.

Gharama 26,400,000 gawa kwa wastani wa mzigo 9,000,000 ni mara 2.93 kwa robo mwaka. Siku 92 gawa kwa 2.93 ni siku 31. Kwenye Excel, weka siku kwenye B1, mzigo wa mwanzo B2, manunuzi B3, mzigo wa mwisho B4, kisha kuanzia B5 kushuka andika:

```
=B2+B3-B4
=(B2+B4)/2
=B5/B6
=B1/B7
```

B5 ni gharama ya bidhaa zilizouzwa, B6 wastani wa mzigo, B7 mzunguko, na B8 siku.

Kosa la hapa ni kutumia 365 kwa gharama ya miezi mitatu. Itakuletea siku 124, na nimeona mtu akitaka kuuza mzigo wake kwa hasara kwa sababu ya hesabu ya namna hiyo. Siku lazima ziwe za kipindi kile kile kilichozaa gharama.

8. Sikuhesabu mzigo mwanzo wa kipindi. Nimekwama?

Unaweza kukadiria, mradi unajua kwa wastani unaongeza asilimia ngapi juu ya bei ya kununulia. Duka letu huongeza asilimia 20. Kitu cha shilingi 100 linauza 120, kwa hiyo mauzo hugawanywa kwa 1.2: 30,720,000 gawa kwa 1.2 ni 25,600,000.

Angalia mtego. Wengi hutoa asilimia 20 kwenye mauzo na kubaki na 24,576,000. Hiyo si sawa, kwa sababu 20 ziliongezwa juu ya 100, na sasa wanazitoa kwenye 120. Zaidi ya milioni moja inapotea kwa kosa hilo moja.

Huenda umeona kwamba 25,600,000 haifanani na 26,400,000 tuliyoipata kwa kuhesabu mzigo. Tofauti hiyo ina habari yake. Iko kwenye swali la 12.

## Kusoma jibu

9. Siku 31 ni nzuri au mbaya?

Hakuna namba moja ya maduka yote. Genge la nyanya likifika siku 31 limeshatupa kila kitu, na duka la vipuri vya pikipiki likiwa na siku 31 linafanya vizuri sana. Linganisha na duka lako mwenyewe, robo iliyopita na robo kama hii mwaka jana.

Kipimo kingine cha maana ni siku anazokupa muuzaji wa jumla. Akikupa 14 na mzigo wako unakaa 31, kuna siku 17 ambazo umeubeba kwa mtaji wako mwenyewe. Duka hili hutoa bidhaa za kama 287,000 kwa siku kwa bei ya kununulia (26,400,000 gawa kwa 92). Kwa hiyo kila siku moja inayopungua inafungua 287,000. Kutoka 31 hadi 25 ni kama 1,720,000 inayorudi mkononi bila kukopa popote.

10. Wastani wa duka unasema siku 31, mbona vitu vingine vimepigwa vumbi?

Hili ndilo swali ninalolisubiri, kwa sababu namba ya duka zima haionyeshi ni rafu gani imeshika pesa. Gawanya duka kwenye makundi machache, kila kundi na gharama yake na mzigo wake. Itabidi daftari la manunuzi liwe na safu ya kila kundi; kazi yake ni dakika chache kwa kila risiti.

Duka letu likigawanywa linatoka hivi. Vyakula: gharama 17,600,000, wastani wa mzigo 2,400,000, siku 13. Sabuni na vipodozi: gharama 6,800,000, mzigo 2,900,000, siku 39. Vyombo vya plastiki: gharama 2,000,000, mzigo 3,700,000, siku 170.

Jumlisha makundi na unarudi kwenye 26,400,000 na 9,000,000 zile zile. Lakini sasa unaona kwamba kati ya kila shilingi 100 zilizoko dukani, 41 zimekaa kwenye ndoo, mabeseni na chupa za chai, ambazo huchukua karibu miezi sita kutoka. Unga na sukari, vinavyoendesha duka, vimeshika 27 tu. Hakuna rafu hata moja ambayo siku zake ni 31.

Usijaribu kuchukua wastani wa 13, 39 na 170. Utapata 74, namba isiyo na maana yoyote. Siku za duka zima hutoka kwenye jumla za gharama na mzigo.

11. Lakini vyombo vina faida kubwa. Niviache?

Tazama faida pamoja na muda. Tuseme vyakula unaongeza asilimia 15 na vyombo asilimia 40. Kwa robo ile, vyakula vilileta faida ya 2,640,000 kwa mzigo wa 2,400,000, yaani shilingi 1.10 kwa kila shilingi iliyolala. Vyombo vilileta 800,000 kwa mzigo wa 3,700,000, yaani senti 22. Asilimia kubwa kwa kitu kinachotoka mara moja kwa nusu mwaka imeshindwa na asilimia ndogo inayorudi kila wiki mbili.

Hiyo haina maana utoe vyombo vyote. Ndani ya kundi hilo huenda ndoo za lita 20 zinatoka kila wiki, na kinacholala ni seti za mabakuli ya rangi moja. Hesabu tena bidhaa kwa bidhaa kabla hujakata. Na mwisho wa kukata ni pale mteja anapoanza kukosa: mama aliyekuja kwa ndoo huondoka pia na sukari na sabuni, na faida hiyo haionekani kwenye rafu ya vyombo.

## Hali zisizo za kawaida

12. Vitu nilivyochukua nyumbani na vilivyoibiwa vinaharibu hesabu?

Ndiyo, na kwa njia inayodanganya. Njia ya swali la 3 huona tu kwamba bidhaa haipo. Haijui kama imeuzwa, imeliwa na panya au imechukuliwa. Yote inaiita imeuzwa. Gharama inapanda, siku zinapungua, na duka linaloibiwa linaonekana lina kasi.

Hapa ndipo ile tofauti ya swali la 8 inapofaa. Kwa kuhesabu mzigo, zimetoka bidhaa za 26,400,000. Kwa mauzo, zimeuzwa za 25,600,000. Pengo ni 800,000. Mwenye duka akifungua daftari la nyumbani na kukuta amechukua mchele, mafuta na sabuni za 300,000 kwa bei ya kununulia, zinabaki 500,000 zisizo na maelezo.

Kabla hujamtazama msaidizi kwa jicho baya, kagua mambo matatu. Je, kuna mauzo ya mkopo ambayo hayakuandikwa? Je, kuna bidhaa uliyoiuza kwa chini ya ile asilimia 20, labda kwa kuwa bei ya jumla ilipanda na wewe hukubadilisha? Je, kuna rafu au kona ya stoo iliyorukwa wakati wa kuhesabu? Nimeona pengo kubwa kuliko hili likimalizwa na katoni mbili zilizokuwa nyuma ya mlango.

Ukitaka siku za bidhaa zilizowafikia wateja kweli, tumia 25,600,000: zinakuwa siku 32. Kwa duka hili tofauti ni ndogo. Kwa duka lenye mtaji mdogo ambalo familia nzima inakula humo, inaweza kuwa kubwa.

13. Naweza kutumia hesabu hii kujua lini niagize sukari?

Kwa uamuzi huo usitumie wastani wa miezi mitatu. Chukua kilichopo leo, ugawe kwa kinachotoka kwa siku. Kwa bidhaa moja huhitaji hata shilingi, kilo zinatosha. Una kilo 98, unauza kilo 14 kwa siku: ni siku 7. Kama mzigo huchukua siku mbili kufika tangu uagize, agiza ukiwa umebakiwa na kilo 28 na akiba juu yake ya siku moja au mbili.

Siku ambazo sukari ilikuwa imekwisha zitoe unapotafuta kilo za kwa siku. Kama kwa siku 30 uliuza kilo 350 lakini siku 5 hukuwa nayo, ni kilo 14 kwa siku 25. Ukigawa kwa 30 utapata chini ya 12, utaagiza kidogo, na itakwisha tena.

14. Siku zimepungua sana. Mbona mauzo nayo yameshuka?

Huenda rafu zimekuwa tupu. Mzigo ukipungua kwa kasi kuliko mauzo, mzunguko hupanda, ingawa wateja wanaondoka mikono mitupu. Dalili yake ni hii: gharama ya bidhaa zilizouzwa imeshuka kwa shilingi, na siku zimeshuka pia. Duka lililopata kasi ya kweli hutoa gharama ile ile au zaidi kwa mzigo mdogo zaidi. Weka daftari kaunta, na kila mteja anapoulizia kitu usicho nacho, kiandikwe.

15. Mali kauli niihesabu?

Kama makubaliano ni kwamba bidhaa bado ni ya mwenyewe, unamlipa baada ya kuuza na isipouzwa anaichukua, iache nje kote kuwili: isiwe kwenye mzigo na isiwe kwenye gharama. Wengi huiacha nje ya mzigo lakini wanaingiza gharama yake ikishauzwa, na siku zinapungua bila sababu. Ihesabu kwenye ukurasa wake.

Mzigo uliochukua kwa deni la kawaida, ambao utalipa hata usipouza, ni wako tangu ulipoupokea. Huo unahesabiwa wote.

16. Duka lina wiki sita tu. Nianze lini?

Hesabu mzigo leo usiku, na tena baada ya siku 30. Mzigo wa siku ya kufungua duka usiutumie kama mwanzo, kwa sababu ulikuwa wa kujaza rafu, na nusu yake ulinunuliwa kwa kubahatisha mtaa unataka nini. Jibu la kwanza litakuwa na siku nyingi. La pili, la siku 30 zinazofuata, ndilo la kulinganishia.